Huyu Kwenye Programu Ni Nani?

Picha ilikuja kwa WhatsApp Jumatano saa kumi jioni, na mwenye kuituma alikuwa amesimama hapo hapo mbele yangu. Kijana wa kama miaka thelathini, amepanda ngazi mpaka huku juu kwa kaofisi ketu karibu na River Road, mazishi ni Jumamosi huko Makueni, mwili unatoka mochari Ijumaa asubuhi, na kamati inataka programu mia mbili na picha moja kubwa ya A3 ya kuwekwa kwa stendi kando ya jeneza. Mpaka hapo ni kazi ya kila wiki. Halafu akaniambia, "Bosi, kitu kimoja tu. Umnenepeshe kidogo. Arudi venye alikuwa."

Mamake alikuwa ameenda na kansa ya koo. Wenye wameuguza mtu na hio kitu wanajua inavyofanya, inaanza na ugali kukwama, baadaye ni uji, baadaye ata maji yanashuka kwa shida, kwa hivyo mtu anaisha akiwa mbele yenu mezani. Picha ilipigwa miezi mitatu kabla afariki, amekaa kwa benchi la hospitali, leso kichwani, sweta imemkalia kama imetundikwa kwa hanga. Nikamuuliza kama hana ingine. Akasema za zamani ziko kwa simu iliyopotea na albamu iko ushago, na hapo nikaona macho yake nikaacha kuuliza.

Niseme mapema mahali nasimama, juu wateja wananiuliza kila siku. Kusafisha picha ya marehemu sina shida nayo kabisa. Kumtengenezea marehemu mwili mwingine, hapo nina shida, na watu hudhani ni mambo ya dini au ya kuogopa uongo, kumbe mimi shida yangu ilianzia kwa mausi, nikijaribu kuifanya hio kazi na kuona inavyokataa.

Acha nieleze ilivyoenda ile jioni, maana wengi wanadhani ni kubonyeza kitu kimoja na mtu ananenepa.

Kwanza, saizi. WhatsApp ikituma picha kawaida inaibana mpaka upande mrefu unabaki kama pikseli 1600 hivi, na mama alikuwa amepigwa mwili mzima, kwa hivyo uso wake wote, sikio mpaka sikio, ulikuwa kama pikseli 200. Sasa kwa A3 ya stendi uso unatakiwa uwe upana wa kama inchi sita ndio mtu aliyekaa nyuma ya tenti amuone. Gawanya 200 kwa sita, unapata pikseli 33 kwa kila inchi, na mimi kwa picha ya kuangaliwa kwa umbali huo natafuta angalau 150. Maana yake ni nini? Kabla ata sijagusa shavu, sehemu kubwa ya uso ambao watu wangeuona siku hio haingekuwa imetoka kwa kamera, ingekuwa imejazwa na kompyuta ikibahatisha katikati ya nukta. Ngozi nitaichora mimi. Kope nitazichora mimi. Sasa ongeza juu yake kwamba nabadilisha pia umbo.

Nikafungua Liquify, hicho ndicho kifaa cha kwa Photoshop cha kusukuma nyama huku na huku, nikavuta mashavu nje pole pole. Mashavu yakajaa, na mama akawa na matumbwitumbwi. Kweli, ndio ilivyokaa, juu mtu akikonda kwa ugonjwa hakondi mashavu peke yake. Pale kati ya jicho na sikio panaingia ndani, na ukijaza shavu ukaacha pale, kichwa kinakuwa kama pea. Nikajaza pale pia. Macho sasa yakabaki yamezama ndani ya uso mnene, na huwezi kuona kitu kama hicho kwa binadamu mzima, kwa hivyo nikainua kope za juu. Halafu shingo. Mishipa imesimama kama kamba, mtulinga umetoka, kola ya gauni imeachana na shingo mpaka unaweza kupitisha ngumi hapo. Nikanenepesha shingo, kola ikaonekana imeshonwa ya mtu mwingine. Mikono ilikuwa mapajani, vidole vyembamba na pete imeteleza mpaka kwa kiungo, hio sikuigusa, nikaikata nje ya picha.

Na bado kuna kivuli, ambacho ndicho watu hawakifikirii. Shavu lililobonyea lina kivuli chake, na kivuli kile kimefuata taa ya ile veranda ya hospitali ambayo ilikuwa inatoka kushoto juu. Ukijaza shavu lazima ukiondoe kivuli, ukikiondoa lazima uweke mwanga mahali pake, na ule mwanga unauweka wewe kwa kukisia. Nikaweka. Uso ukawa bapa, laini, kama ile michoro ya kinyozi kwa ukuta. Ukitaka kujua picha imesukumwa angalia vitu viwili: mistari iliyo nyuma ya mtu, vigae au fremu ya mlango, vile inapinda ikikaribia shavu, na upande gani wa pua una kivuli ukilinganisha na upande gani wa kidevu. Vikigombana, kuna fundi hapo katikati.

Masaa mawili na nusu. Kijana akaangalia akasema imekaa poa, lakini alisema kama mtu anayejibu ombi. Akampigia anti yake, mdogo wa mamake, anayekaa Kayole, aje athibitishe kabla tuchape.

Anti akafika saa moja na nusu usiku, akavaa miwani, akainamia skrini. Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Kijana wangu, umenirudishia dada yetu mkubwa. Yule alikufa 1997."

Nimefikiria hio sentensi mara nyingi. Mimi dada mkubwa sijawahi kumuona ata kwa picha. Ila ukichukua mifupa ya familia ukaijaza nyama ya kawaida tu, nyama ya mtu yeyote, unapata uso wa ile familia, na wenye ule uso wako wengi. Kilichomfanya mama awe yeye ndicho nilikuwa nimekifuta: jicho la kulia lililokuwa chini kidogo kuliko la kushoto, nililinyoosha bila ata kujua, na kidoa cheusi kando ya pua ambacho Healing Brush, kile kifaa cha kufuta madoa, ilikimeza nikidhani ni uchafu wa kamera. Anti ndiye aliuliza kidoa kimeenda wapi. Kijana mwenyewe hakuwa amegundua.

Sasa, simlaumu kijana, na hapa naona watu wanaopinga kuedit huwa wanaenda haraka sana. Alikuwa na sababu mbili na zote ni za maana. Ya kwanza aliisema mwenyewe, "Sitaki watu wamkumbuke hivi." Ya pili hakuisema lakini naijua, juu naisikia kwa kila familia iliyouguza mtu akakonda. Kwa mtaa mtu akikonda tu ameshapimwa na majirani na majibu yametoka, na unajua ni ugonjwa gani wanaomaanisha. Familia inasimama pale mbele ya watu mia tatu, mchungaji anasema saratani, na nusu ya tenti inaangalia ile picha na kutikisa kichwa ki-ivo. Kwa hivyo mashavu yanayoombwa sio urembo. Ni utetezi.

Na kuna jambo lingine la ajabu kidogo. Ile picha ya benchi ndio kamati hio hio iliweka kwa posta ya mchango, ile ya kuzunguka kwa magrupu na namba ya M-Pesa chini, wakati wa kutafuta bili ya hospitali. Pale ilitakiwa ionyeshe ugonjwa. Kila mtu kwa lile tenti alikuwa ameshaiona kwa simu yake wiki sita mfululizo. Sasa unamleta Jumamosi amenenepa kwa pozi lile lile, leso ile ile, benchi lile lile? Watu hawatasema "alikuwa mrembo". Watafungua simu walinganishe. Ule uvumi uliokuwa unauzima umeupatia chakula.

Ndio maana siku hizi mtu akiniambia mnenepeshe naanza na swali moja: hio picha ni lazima? Mara nyingi shida iko kwa picha iliyochaguliwa, na picha imechaguliwa kwa sababu ilikuwa ya juu kabisa kwa simu ya mtoto aliyetumwa. Waliofiwa wamechoka, wana siku tatu, kuna jeneza na gari na tenti na chakula, nani atapekua? Lakini picha ziko. Ziko kwa simu ya mwenye chama, ziko kwa harusi ya jirani, ziko kwa ukuta wa mtu.

Tulikuwa tunaongea hivi na anti akasema, kwani si kuna ile yangu ya ukutani. Picha ya 2011, wanawake watatu wa chama siku ya kugawana pesa ya mwisho wa mwaka, nane kwa kumi, kwa fremu. Alhamisi saa mbili asubuhi akaileta imefungwa kwa leso.

Ilikuwa imeshikana na kioo. Hio hutokea nyumba ikiwa na unyevu, ile tabaka ya juu ya karatasi inalainika na kugandamana na kioo, na hapa ndipo picha nyingi za Nairobi hufia, mtu anajaribu kubandua na uso unabaki kwa kioo. Usibandue. Nilitoa kioo na picha pamoja kwa fremu, nikapangusa upande wa nje, nikalaza vyote kwa skana jinsi vilivyo. Nane kwa kumi kwa 600 kwa inchi inakupa pikseli 4800 kwa 6000, na uso wa mama peke yake ukatoka zaidi ya 1000. Linganisha na zile 200 za benchi. Palipogusana na kioo palikuwa na alama kama mafuta ya kupikia yamemwagika, kwa bahati nyingi zilikuwa kwa mandharinyuma na moja tu kwa paji la uso.

Hio ya paji nilisafisha. Rangi pia nikairudisha, picha ilikuwa imekaa miaka mingi ikipigwa na mwanga wa dirisha, imefifia na kuwa na ukungu. Macho yalikuwa na ule wekundu wa flashi, nikautoa. Kwa picha za mwisho huwa natoa pia mpira wa oksijeni na plasta iliyoushika, midomo iliyopasuka nailainisha kidogo, na macho yakiwa ya manjano kwa sababu ya ini napunguza ule umanjano nusu hivi, siumalizi. Kipimo changu ni kwamba kilicholetwa na ile siku au ile kamera kinaweza kutoka, na alichokaa nacho maishani kinabaki. Kidoa kinabaki. Pengo linabaki. Mikunjo ya mtu wa miaka 67 inabaki ata kama binti yake analia kwa simu.

Mtu ataniambia, lakini picha si zimekuwa zikipambwa tangu zamani? Ni kweli. Studio za enzi za filamu fundi alikuwa anakaa na negativu juu ya kioo chenye taa chini, na penseli iliyochongwa kama sindano, akigusa mikunjo na chunusi kidogo kidogo, na babu zetu walizipenda hizo picha na ziko ukutani mpaka leo. Tofauti ni kwamba mteja alikuwa hai. Alikuja kuchukua picha yake, akaiangalia, akasema ndio huyu mimi au akakataa kulipa. Mimi mteja wangu hawezi kukataa, na wanaolipa ni wengine.

Kuhusu ngozi, juu hapa ndipo naona kazi mbaya zaidi hapa tao. Printa zetu za leza kwa karatasi ya kung'aa zinachapa giza kuliko skrini inavyoonyesha, kwa hivyo kila fundi ameshazoea kuinua mwanga wa kati kabla ya kuchapa, na ni sawa. Lakini akizidisha, ngozi nyeusi haiwi nyeupe, inakuwa ya kijivu, kama mtu aliyepakwa jivu, na familia inakwambia "ametoka vizuri, amekuwa msafi". Kaka, huyo mama alikuwa mweusi. Mimi huchapa nakala moja, natoka nayo nje kwa ngazi kwenye mwanga wa jua, siamini ile taa ndefu ya ofisi ambayo inafanya kila mtu aonekane mgonjwa, na naiweka kando ya mkono wa ndugu yake wa damu akiwepo. Rangi zikifanana familia nzima, chapa.

Mwaka nao. Kupata picha ya zamani kuna hatari yake, inaweza kuwa ya zamani sana, na hapo unadanganya bila kugusa Photoshop. Niliwahi kufanya kazi ya mzee wa miaka 74, watoto wakaleta picha ya miaka ya themanini, suruali pana chini na nywele za kuchana, nikaisafisha ikang'ara, na nilikuwa ata na fahari nayo. Wiki iliyofuata mmoja wao alikuja kulipa salio akaniambia mama yao alikataa kukaa karibu na stendi. Alisema, "Huyo ni kijana. Mimi nimefiwa na mzee."

Kwa hivyo kwa huyu mama wa Makueni tuliongea na anti na kijana wakiwa wote wawili. 2011 alikuwa na miaka 54. Wajukuu wake wakubwa walimjua hivo, watu wa kanisa walimjua hivo, ugonjwa ulikuja 2023. Ila mjukuu mdogo ana miaka minne, na nyanya anayemjua yeye ni yule wa benchi, mwembamba mwenye leso. Ukimwekea ya 2011 peke yake, yeye ndiye atauliza huyu ni nani. Tukakubaliana hivi: ya 2011 ikae kwa jalada na kwa stendi, na chini yake, kwa herufi ndogo lakini za kusomeka, "Desemba 2011". Ya benchi ikae ndani, ukurasa wa wasifu pale panapoeleza ugonjwa, saizi ndogo ya kama postikadi ambayo pikseli zake zinatosha, mashavu yake jinsi yalivyokuwa, na "Machi 2024" chini. Kijana alisita kwa hii ya ndani. Anti akamwambia, "Wewe mtoto, ulimlisha kwa kijiko miezi mitano. Hio nayo unataka kuificha?" Akasema sawa.

Kuandika mwaka chini ya picha ni kitu kidogo sana na sijui mbona hatufanyi. Tunaandika jua lilichomoza lini na likazama lini, tarehe kamili, halafu katikati tunaweka uso ambao hauna tarehe. Mwaka ukiwepo hakuna anayelinganisha kwa simu kutafuta uongo, maana umeshamwambia anaangalia nini.

Faili ya matumbwitumbwi niliifuta kijana akiona, aliomba mwenyewe.

Alhamisi saa tisa nikamwita anti aone jalada la mwisho. Kutoka kwa ile picha ya watatu nilikuwa nimemkata mama peke yake, nikamwondolea wenzake wawili pembeni, nikajaza ukuta nyuma, kazi safi, na kwa bega lake la kushoto kulikuwa na mkono wa mmoja wao, nikautoa pia nikamalizia kitambaa cha gauni mahali pake, maua na yote, dakika arobaini kwa hayo maua tu. Anti akaangalia uso kwanza. Akagusa kidoa kwa skrini na kidole. Halafu akashuka kwa bega akasimama hapo.

"Hapa kulikuwa na mkono."

Nikamwambia ndio mama, nimeutoa, juu mwenyewe hayuko kwa picha, utaonekana hauna mtu.

"Urudishe. Huo ni wangu."

Programu mia mbili zikachapwa na mkono usio na mtu kwa bega la marehemu.